Asilimia 36 ya nini? Nilivyoandika upya ikisiri ya chanjo ya malaria kwa ajili ya wazazi

Kazi yangu ni kuchukua matokeo ya tafiti za afya na kuyaandika upya kwa lugha ambayo mzazi yeyote anaweza kuisoma, au kusomewa, akaelewa. Nimeandika mihtasari mingi ya aina hii, lakini uliobadilisha namna ninavyofanya kazi ni ule wa majaribio ya awamu ya tatu ya RTS,S, chanjo ya malaria kwa watoto. Matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet. Nilitakiwa kutoa ukurasa mmoja wa kusomwa kwa sauti mbele ya wazazi na walezi, wengi wao wakiwa na watoto wa umri uleule uliochunguzwa.

Ikisiri yenyewe, yaani muhtasari wa watafiti unaotangulia makala yao, ni aya chache tu, lakini imebeba miaka mitano ya kazi. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kulikuwa na rika mbili, watoto wa miezi 5 hadi 17 na wachanga wa wiki 6 hadi 12. Kila rika liligawanywa katika makundi matatu, na makundi hayo yameitwa R3R, R3C na C3C. Kisha zinafuata asilimia, na kila asilimia ina mabano yenye namba nyingine mbili ndani yake.

Nilianza na yale majina ya makundi. Mtafiti akiona R3C anajua papo hapo kwamba mtoto alipata dozi tatu za chanjo, halafu kwenye mwezi wa 20, wenzake walipopata dozi ya nyongeza, yeye akapewa chanjo nyingine. Mzazi haoni kitu. Nikayaita kundi la dozi nne, kundi la dozi tatu na kundi la ulinganisho, na sikuyabadilisha tena mpaka mwisho wa ukurasa. Hili la kutobadilisha ninalishikilia sana. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni uvivu, kwa hiyo mwandishi huandika "kundi la ulinganisho" hapa, "watoto wasiochanjwa" pale, na "kundi la tatu" kule mbele. Anayesikiliza kwa sauti anadhani ni makundi matatu tofauti, na hawezi kurudi nyuma kuhakikisha.

Kundi la ulinganisho lilihitaji nafasi kuliko ikisiri ilivyolipa. Nilipousoma muhtasari kwa wazazi wachache kabla haujachapwa, swali la kwanza halikuhusu chanjo kabisa. Baba mmoja alitaka kujua kwa nini watoto wengine walinyimwa dawa ili tu waangaliwe wakiugua. Kwa mtafiti jibu liko wazi kiasi kwamba halifikirii kuliandika, lakini mzazi akiwa na swali hilo kichwani hasikii tena chochote kinachofuata. Kwa hiyo kabla ya namba yoyote niliweka sentensi hizi: wakati majaribio yanaanza, hakuna aliyejua kama chanjo hii inasaidia, watoto walipangwa katika makundi kwa bahati nasibu, bila mzazi wala mtafiti kuchagua, watoto wa kundi la ulinganisho waliokuwa na miezi 5 hadi 17 walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wapate kinga ya kitu, na watoto wa makundi yote walipewa vyandarua, na walioumwa walitibiwa.

Sentensi ya vyandarua ina kazi nyingine pia. Bila hiyo, mtu anaweza kudhani kwamba chanjo ilishindanishwa na chandarua. Ukweli ni kwamba faida iliyopimwa ni ile iliyoongezeka juu ya faida ya chandarua. Mzazi anayeondoka akiamini kwamba sasa chandarua kinaweza kupumzika ameumizwa na muhtasari, hata kama kila namba iliyoandikwa ilikuwa sahihi.

Sasa tuje kwenye asilimia. Ikisiri inasema kwamba kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, ufanisi wa chanjo dhidi ya malaria ulikuwa asilimia 36.3 kwa waliopata dozi nne, na 28.3 kwa waliopata dozi tatu. Ni rahisi kuandika "chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 36" na kuendelea mbele. Lakini mimi huwa siwaulizi wasomaji wangu kama wameelewa, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo kwa adabu. Huwaomba wanisimulie walichosikia kana kwamba wanamweleza jirani ambaye hakuwepo. Bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu alisimulia hivi: katika watoto mia, thelathini na sita wanakingwa, na waliobaki sindano yao imekwenda bure. Kisha akanigeukia: "Sasa mwanangu, nitajuaje kama mjukuu wangu yuko kwa hao thelathini na sita?"

Alikuwa ameisoma sentensi kwa namna inayoeleweka kabisa. Asilimia ikiachwa peke yake, kila mtu huijaza na kitu anachokijua, na watu tunaijaza na watu. Ufanisi huu hauhesabu watoto waliokingwa. Unahesabu mara ambazo malaria ilitokea, ukilinganisha kundi moja na jingine. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara tano ndani ya miaka michache, na akichanjwa akaugua mara tatu. Mtoto huyo hayuko upande wa "waliokingwa" wala wa "waliokosa". Amepunguziwa.

Kwa bahati nzuri, ikisiri hii haikuishia kwenye asilimia. Inatoa pia idadi ya matukio: malaria ilitokea mara 9,585 katika kundi la ulinganisho, mara 6,616 katika kundi la dozi nne na mara 7,396 katika kundi la dozi tatu. Ndani ya makala kamili unapata kwamba kila kundi lilikuwa na karibu watoto 3,000. Hapo kalamu inaanza kupumua. Gawanya, na utaona kwamba katika kila watoto 100 wa kundi la ulinganisho malaria ilitokea kama mara 322, na katika kila watoto 100 wa dozi nne kama mara 222. Namba kubwa kuliko mia ndani ya watoto mia inamlazimisha msikilizaji kutambua kwamba mtoto mmoja huugua zaidi ya mara moja, na ule usomaji wa "thelathini na sita waliokingwa" hauna tena pa kukaa.

Hata hivyo mara 322 bado ni namba ya mezani. Nikaileta kwa mtoto mmoja: katika miaka minne hivi ya kufuatiliwa, mtoto wa kundi la ulinganisho aliugua malaria mara tatu na zaidi kidogo kwa wastani, na mtoto wa dozi nne mara mbili na zaidi kidogo. Maana yake ni kupungua kwa tukio moja la malaria kwa kila mtoto, kwa wastani. Bibi yule aliposomewa hivyo alisimulia upya bila shida, na akaongeza mwenyewe kwamba kumbe mtoto aliyechanjwa bado ataugua, kwa hiyo akipata homa apelekwe kupimwa. Hilo lilikuwa jambo muhimu kuliko yote niliyotaka aondoke nalo, na sikuwa nimeliandika popote. Niliongeza sentensi yake karibu kama alivyoisema.

Kuna mtego mmoja hapa kwa wenzangu mnaofanya kazi hii. Ukigawanya namba nilizotaja utapata kupungua kwa asilimia 31 hivi, si 36. Hakuna aliyedanganya. Watafiti hawakugawanya tu. Walitumia modeli ya kitakwimu inayozingatia mambo ambayo kugawanya kwa kawaida hakuyaoni, kama vile muda ambao kila mtoto alifuatiliwa na ukweli kwamba mtoto mmoja huugua mara nyingi. Ukiziweka "asilimia 36" na "mara 322 dhidi ya 222" kwenye ukurasa mmoja, mwalimu wa hesabu aliyekaa nyuma atagundua kwamba haviendani, na imani yote itamwagika. Chagua njia moja. Mimi nilichagua idadi ya matukio, nikasema "kama" na "kwa wastani", na kabla ya kuchapa ni lazima hesabu kama hii ipelekwe kwa mtu wa takwimu aithibitishe. Muhtasari mwepesi si ruhusa ya kutoa namba ambayo watafiti wenyewe hawaitambui.

Malaria kali ilinifundisha somo jingine. Hapa ikisiri inahesabu watoto, si matukio: watoto 171 wa kundi la ulinganisho waliwahi kupata malaria kali, 169 wa dozi tatu na 116 wa dozi nne. Ufanisi ulioandikwa ni asilimia 32.2 kwa dozi nne na asilimia 1.1 kwa dozi tatu. Kwa kuwa kinachohesabiwa sasa ni watoto, mtu anaweza kusema kwa uhalali "katika kila watoto elfu moja", na namba zikatoka safi ajabu: watoto 57 katika kundi la ulinganisho, watoto 57 katika kundi la dozi tatu, na watoto 39 katika kundi la dozi nne. Sikuhitaji asilimia yoyote. Ukisikia 57, 57, 39, umeshaelewa kisa.

Angalia pia kwamba "asilimia 32" inasikika kubwa, na kupungua kutoka 57 hadi 39 katika elfu kunasikika kudogo, ilhali ni jambo lilelile. Anayetaka kuuza chanjo atachukua ya kwanza, anayetaka kuipinga atachukua ya pili. Njia pekee ninayoiona kuwa ya haki ni kutoa namba ya kila kundi pamoja na elfu yake, ili msikilizaji apime mwenyewe.

Zile namba mbili za kwenye mabano zilinisumbua zaidi. Kwa dozi nne ufanisi wa asilimia 32.2 una mabano ya 13.7 hadi 46.9. Kwa dozi tatu, asilimia 1.1 ina mabano yanayoanzia chini ya sifuri, hasi 23, mpaka 20.5. Mabano hayo yanaeleza ni umbali gani jibu la kweli linaweza kuwa kutoka kwenye jibu lililopatikana. Wako wanaoyafuta moja kwa moja kwa kuwa "wananchi hawataelewa". Mimi nadhani namba zake zinaweza kuondoka, lakini maana yake ibaki. Kwa dozi nne niliandika: faida ya kweli inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko hii, ila watafiti wana uhakika wa kutosha kwamba ipo. Kwa dozi tatu mabano yanapita pande zote mbili za sifuri, kwa hiyo niliandika: mwisho wa utafiti, watafiti hawakuona tofauti kati ya kundi hili na kundi la ulinganisho.

"Hawakuona tofauti" ni sentensi niliyoilinda kwa nguvu, kwa sababu mhariri alitaka iwe "dozi tatu hazisaidii". Hiyo si kweli kwa namna mbili. Dozi tatu zilipunguza malaria ya kawaida, kama tulivyoona. Na hata kwa malaria kali, makala kamili inaonyesha kwamba watoto wa dozi tatu walikingwa kabla ya mwezi wa 20, kisha baadaye malaria kali ikawa nyingi zaidi kwao kuliko kwa kundi la ulinganisho, hadi faida ya mwanzo ikafutika. Mzazi anastahili kujua hilo, kwani ndilo linaloeleza kwa nini dozi ya nne ina uzito. Ikisiri haikuwa na nafasi ya kulieleza, kwa hiyo tusiishie kusoma ikisiri tunapoandika upya ikisiri.

Hapo pia niliona mpaka wa kazi yangu. Nilishawishika kumalizia aya kwa "hakikisha mwanao hakosi dozi ya nne". Nikaiacha. Muhtasari wa utafiti unasema kilichoonekana. Ushauri unatoka kwa mhudumu wa afya anayejua ratiba ya sasa na anayemwona mtoto. Vikichanganywa, msomaji hajui tena ni wapi utafiti umeishia na ni wapi mwandishi ameanza.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Katika rika la miezi 5 hadi 17 ilitokea kwa watoto 11 wa dozi nne, 10 wa dozi tatu na mmoja wa kundi la ulinganisho. Niliambiwa na mtu mwenye nia njema kabisa kwamba nisiiweke, wazazi watakimbia. Lakini iko kwenye ikisiri, yeyote mwenye simu anaweza kuipata, na atakayeikuta huko baada ya kusomewa ukurasa usioitaja hataamini tena kitu kingine chochote tulichoandika. Niliiweka hivi: "Katika kila kundi lenye karibu watoto 3,000, homa ya uti wa mgongo iliwapata watoto 11 wa kundi la dozi nne, 10 wa kundi la dozi tatu na mmoja wa kundi la ulinganisho. Watafiti hawajui kama ilisababishwa na chanjo au ilitokea kwa bahati. Wameshauri ichunguzwe zaidi." Namba tatu, kutojua kunasemwa waziwazi, na hatua inayofuata. Hakuna neno la kutuliza wala la kutisha. Wazazi waliosomewa walikaa kimya kidogo, kisha wakauliza maswali mazuri: uchunguzi huo zaidi utafanywa na nani, na wao watapewa majibu lini.

Majibu yalikuja baadaye. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa kwa awamu ya majaribio katika maeneo ya Ghana, Kenya na Malawi, na ufuatiliaji wa watoto wengi zaidi haukuonyesha kwamba chanjo inaleta homa hiyo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Kwa hiyo ukurasa wangu ulihitaji kuongezwa mistari miwili, yenye tarehe yake. Sikufuta sentensi ya zamani; nilieleza kwamba hicho ndicho utafiti wa 2015 ulichojua, na hiki ndicho kilichojulikana baadaye. Tangu hapo sichapi muhtasari wowote usio na mwezi na mwaka juu kabisa, kwa kuwa karatasi hizi hukaa ukutani muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Mambo mengine yalipita kwa haraka. Jina la kisayansi la chanjo, lenye herufi na alama za kutosha kujaza mstari, lilibaki mara moja tu ili mtu aweze kulitafuta. Nani aliyelipia utafiti liliingia karibu na mwanzo: mtengenezaji wa chanjo, kampuni ya GSK, pamoja na mpango wa chanjo ya malaria wa shirika la PATH. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 536 ya mwaka 2014, inayowataka wafanya majaribio ya dawa kutoa muhtasari kwa lugha ya kawaida, nayo inataka mdhamini atajwe na madhara yaelezwe pamoja na mara ngapi yalitokea. Naitumia orodha yake kama kioo hata kwa kazi ambazo kanuni hiyo haizigusi.

Walibaki wachanga wa wiki 6 hadi 12. Kwao chanjo ilifanya kazi kidogo zaidi: ufanisi wa asilimia 25.9 kwa dozi nne na 18.3 kwa dozi tatu, na dhidi ya malaria kali haukuonekana wazi. Kuwaandika kwa kina kama rika jingine kungefanya ukurasa uwe kurasa mbili, na walipoombwa kusimulia walichosikia watu walikuwa wakichanganya namba za rika moja na la jingine. Kuwaacha nje kabisa kungewafanya wazazi wa wachanga wadhani namba za wakubwa ni zao. Niliwapa aya yao fupi yenye kichwa chake, isiyo na namba: chanjo iliwasaidia pia wachanga, lakini kidogo kuliko wale walioanza wakiwa na miezi 5 au zaidi, na dhidi ya malaria kali watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ilisaidia. Chini yake nikaandika kwamba namba kamili zipo kwa yeyote anayezitaka, na wapi pa kuziulizia. Wazazi wawili waliziulizia, na niliwasomea zote, pamoja na mabano.